Maji ya Majivu na Sufuria ya Mama Mkwe

Kuna wanaume wanaoogopa nyoka na kuna wanaoogopa daktari wa meno. Mpishi wetu wa maharage alimwogopa mama mkwe wake, ila hofu hiyo aliipa jina la heshima, ikapendeza. Hakumtazama usoni hata siku moja. Akitaka kujua kama mama amekula, alimwuliza mkewe, na mkewe, aliyekaa kati yao akichambua maharage, aligeuza shingo na kusema, "Mama, umekula?" Mama alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, na masikio yake yalikuwa mazima kuliko ya wote wawili.

Mafundi wa gereji walimwita Shefu. Walianza kwa utani, kisha jina likaganda. Kibanda chake, mbele ya nyumba yake, kiliegemea ukuta wa gereji yao, na kila adhuhuri walimjia na mikono myeusi ya oili, wakala, wakamtania, wakarudi chini ya magari yao. Maharage ya watu wote hao yaliiva ndani ya sufuria moja, kubwa, ya kubebwa na watu wawili. Hapo ndipo pa kulia, maana sufuria haikuwa yake. Ilikuwa ya mama mkwe, aliyomwazima miaka saba iliyopita, na cha kuazima hakisitiri matako, hata kikiwa kimekaa jikoni kwako miaka saba.

Sasa mama alikuwa amekuja kukaa wiki mbili, na alikwisha kutoa tangazo. Jumamosi angekuja mume wa binti yake mkubwa, yule waliyemwita Meneja tangu siku aliponunua tai, mwenye mkahawa wa vioo na majiko ya gesi. "Nimezeeka, sitaki kufa na sufuria mikononi," alisema mama. "Jumamosi nitaitoa moja kwa moja kwa mkwe mmoja. Nitampa mwenye akili." Shefu alisikia hayo akiwa nyuma ya mlango, usiku huo usingizi haukumjia. Bila sufuria ile, hana maharage. Bila maharage, hana kibanda, kwa sababu kibanda chenyewe ni mabati manne na harufu ya vitunguu.

Akaamua kuonyesha akili. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Nyuma ya kibanda palikuwa na lundo la majivu linalokaribia kimo cha mbuzi. Vumbi la makaa lilikwisha kupata mwenyewe: mkewe alilichekecha, akalikanda na uji mzito wa muhogo, akalishindilia kwenye mkebe, akatoa vidonge vya makaa na kuvianika juani siku nne au tano hadi vikauke kabisa, maana kidonge kibichi hutoa moshi wa kumliza hata aliyekitengeneza. Fundi mmoja mgeni alichukua kimoja kwenye sinia nusura akitafune akidhani ni nyama ya kusaga. Biashara ya mke ilikwenda vizuri. Lakini majivu hayakuwa na mwenyewe. Mama mkwe alijitwalia konzi moja moja tu, akanyunyiza kwenye kitalu cha mchicha alichojipandia nyuma ya nyumba tangu afike na kufunika kwa udongo. Kilichobaki kilipeperuka na kuingia kwenye sahani za watu.

"Kwetu zamani walipika sabuni kwa majivu," fundi wa kuchomelea alimwambia Shefu siku moja, akijifuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono yenyewe. "Wanachuja, wanapata maji makali, wanatia mafuta. Mengine sijui, nilikuwa mdogo."

Hayo mengine asiyoyajua ndiyo yaliyokuwa na maana, lakini Shefu hakungoja. Aliona kila kitu mbele yake kama sinema: Jumamosi, Meneja anashuka na tai yake, na mafundi wote wamesimama wakinawa mikono, povu jeupe, mikono inang'aa, na mama mkwe anauliza, "Sabuni hii ni ya nani?"

Tusimwonee, mwanzo aliufanya vizuri. Alichagua majivu ya kuni za miti migumu peke yake, akayaacha yale ya siku walipochoma mbao za rangi na mifuko ya plastiki. Aliyangoja yapoe siku mbili nzima kwenye debe la bati, kwa kuwa mwaka jana alimwaga majivu ya moto kwenye ndoo ya plastiki, na ndoo ikalala chini kama ubwabwa. Akatoboa tundu chini ya ndoo nyingine, akatandika nyasi, akashindilia majivu, akamimina maji ya mvua kidogo kidogo. Kufikia Alhamisi alikuwa na maji ya rangi ya chai ya rangi, yanayoteleza. Akatumbukiza yai, likazama. Fundi alikuwa amekumbuka jambo moja zaidi, kwamba yai likizama maji bado dhaifu, yachemshwe yapungue. Yachemshwe ndani ya nini? Maji yalikuwa ndoo mbili. Sufuria kubwa ilikuwa imekwisha kuoshwa baada ya chakula cha mchana, tupu, inamwangalia.

Mkewe alikuwa sokoni. Hilo mliweke akilini, kwa sababu maana yake ni kwamba hapo uani walibaki watu wawili wasiozungumza, na mkalimani hayupo.

Mama alikuwa amechutama kwenye mchicha wake. Alimwona Shefu akipita na ndoo, akamwona akiinua mfuniko wa sufuria, akasimama. "Baba," alisema, "hiyo sufuria..."

"Ndiyo, Mama," alijibu Shefu, macho kwenye vidole vya miguu, akamimina.

"Nasema hivi, hiyo sufuria na hayo maji..."

"Ndiyo, Mama. Shikamoo, Mama." Hiyo ilikuwa shikamoo ya nne siku hiyo. Kisha akatoroka kwenda kuchukua kuni, maana mtu akishaishiwa heshima hukimbilia kazi.

Aliporudi aliwasha moto, ukapamba, na maji yakafanya jambo la ajabu. Hayakungoja kuchemka. Vipovu vidogo vilitoka kwenye kuta za sufuria, vikapanda juu kwa mlio wa kunong'ona, na povu la kijivu likaanza kuchafua maji. Shefu akafurahi. Kumbe ni makali hivi, alijiambia, yanajichemsha yenyewe. Akachukua mwiko, akakoroga kwa nguvu za mtu mwenye mipango, na maji yakamrukia kwenye kiwiko.

Kwanza aliona utelezi, kama sabuni hasa, akatabasamu. Halafu paliwaka moto. Akaruka, akapiga yowe, akataka kujipangusa kwa kanzu yake ya jikoni, na kabla hajafika mbali ndoo nzima ya maji baridi ilimpiga kuanzia begani. Ikafuata ya pili. Mama mkwe alimshika mkono, akauweka chini ya bomba la uani na kuushikilia hapo, maji yakimtiririka hadi viatuni.

"Usipanguse. Maji tu, mengi," alisema. "Kaa hapo hapo. Na ukiondoa mkono nakuchapa."

Shefu akakaa. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba alimtazama mama mkwe usoni, kwa sababu uso wenyewe ulikuwa mbele ya pua yake. Alishangaa kuona kwamba ulikuwa uso wa mtu wa kawaida, una kovu dogo kwenye kidevu, na ulikuwa na wasiwasi.

Ndipo jiko lilipotoa mlio wa maji juu ya makaa. Wakageuka wote wawili. Chini ya sufuria, pale palipokonda kwa miaka thelathini ya kusuguliwa kwa waya wa kuoshea vyombo, palikuwa panavuja. Uzi mmoja, halafu nyuzi tatu, kisha moto ukazimika wenyewe kwa huruma.

Fundi wa kuchomelea aliitwa. Aliinua sufuria kuelekea jua, na jua likapita. Ndani ilikuwa nyeusi na yenye mashimo mashimo, imeliwa kila mahali. "Hii ni alumini, Shefu," alisema taratibu, kama anayetoa habari za msiba. "Maji ya majivu yanaila. Na yale mapovu ni gesi inayoshika moto, shukuru ulikuwa uani na si ndani. Mimi naweza kuziba tundu. Hapa matundu ni mengi kuliko sufuria."

Shefu akakaa chini, kwenye matope, na mkono wake mwekundu. Alitaka kulia, na kwa kweli alilia kidogo, ila alikuwa amelowa kiasi kwamba hakuna aliyejua.

Mama hakugomba. Alivuta kigoda, akaketi mbele yake. "Mimi," alisema, "nimepika sabuni ya majivu kwa chungu kabla mkeo hajazaliwa. Chungu, au chuma. Mikono unaifunga, macho unayakinga, na watoto hawakaribii. Nilikuwa hatua kumi kutoka hapa wiki nzima nikikuangalia unachuja, nikingoja uniulize. Miaka saba hujaniuliza kitu, hata njia ya chooni. Heshima gani hii inayotoboa sufuria?"

Shefu alifungua kinywa aseme "Ndiyo, Mama." Badala yake akainuka kwenye matope, akaenda kuokota mwiko.

Ijumaa alipika maharage kwenye sufuria tatu za kuazima, katika moja yakaungua, katika ya pili yakabaki mabichi, na mafundi wakala bila utani, hilo likamuuma zaidi. Jumamosi Meneja aliwasili na tai, na gari lililokwisha kuandaliwa nafasi nyuma.

"Mama, nimekuja kuchukua ile sufuria," alisema, bila hata kuketi.

Shefu alikuwa amesimama kando, anangoja kuzikwa. Mama alimaliza chai yake kwanza.

"Umechelewa, baba," alisema. "Nimekwisha kumpa mwenzako."

"Lini?"

"Alhamisi. Ameitumia mpaka ikaisha."

Meneja alitazama huku na huku, akaiona sufuria nyuma ya nyumba. Ilikuwa imejazwa udongo na miche ya vitunguu, na matundu yake yalikuwa yakitoa maji ya ziada vizuri kuliko chungu chochote cha maua. Hakuelewa, na hakuna aliyemwelewesha. Alikunywa chai, akaondoka na nafasi yake tupu nyuma ya gari.

Mke wa Shefu alishika njia ya jikoni, kucheka kulikuwa kumemshinda. Uani wakabaki wawili, kama ile Alhamisi. Fundi wa kuchomelea alikuwa ameacha hapo karai zito la chuma, la kuazima hadi wapate sufuria nyingine. Lundo la majivu lilikuwa pale pale. Shefu alisugua nyayo zake, akakohoa, akatazama vidole vya miguu. Kisha akainua macho, kwa shida, hadi akalifikia lile kovu la kidevuni.

"Mama," alisema, "vitunguu nivitilie majivu kiasi gani?"

"Konzi moja," alijibu mama, "na usiyatie siku moja na samadi." Akasogeza kigoda chake kidogo, akavuta cha pili, akakipiga kwa kiganja. "Sasa keti. Uliza la sabuni."