Kichwa cha Zipu ya Prudencia

Misa ya ndoa ilikuwa saa tano. Saa tatu Sabina aliingia akihema kwenye kibanda changu cha vifaa vya kushonea, Igoma.

“Shikamoo bibi. Zipu ya gauni la harusi la mdogo wangu Prudencia imevunjika kichwa! Nipe cha nailoni.”

“Marahaba. Gauni liko wapi?”

“Liko Kiseke, bibi harusi analililia. Nina picha tu, nilipolivaa mimi mwaka jana.”

Nikikosea, hakuna muda wa kurudi. Niliisogeza picha mlangoni penye mwanga. Meno ya chuma yangeng’aa. Ya nailoni ya kawaida yangeonekana mgongoni. Niliona mshono tu, na kishikio kidogo kama tone.

“Ni zipu ya kuficha. Meno yako ndani, kichwa cha kawaida hakiingii. Chukua hiki, kiingizwe kwa chini.”

Saa tano kasoro robo Sabina na bibi harusi walipita mbele ya kibanda wakielekea kanisani. Mgongo wa gauni ulikuwa umefungwa, lakini Sabina bado alikuwa ameushika, kana kwamba haiamini zipu.