Yatima Mwenye Mama

Kituo cha kusomea cha mtaani kwetu hakina karatasi, kwa hiyo ofisi ya shirika linalokisaidia huleta vipeperushi vyake vilivyobaki ili watoto wachoree upande mweupe. Ubahili huo ndio uliomuumbua Afisa Mawasiliano wao.

Mjukuu wangu alirudi na mchoro wake, akaubwaga mezani. "Bibi, mimi siendi tena. Wananiita yatima."

Nikaugeuza. Uso wake huo kwenye picha, umekunjwa na jua, na chini yake: "Hana mtu. Wazazi wa huku hawaoni faida ya elimu. Bila sisi, angepotea." Nilisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Darasa la tatu halikunifikisha mbali, ila kwenye matusi lilinifikisha. Na huyo mama yake yuko jikoni, mzima wa afya, anamenya vitunguu!

Jumamosi wazazi tuliitwa kituoni kusaini ruhusa za picha mpya; nikaenda na binti yangu na mjukuu. Afisa alitupokea kwa meno yote.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, mwanangu. Kabla hatujasaini, naweza kusoma kidogo?"

Wee! Bibi anayesoma? Akainua simu anipige picha. Nikasoma bango la ukutani: "Kituo chetu, nguvu ya wazazi!" Makofi. Kisha nikasoma kipeperushi. Simu ikashuka yenyewe.

"Kumbe!" alisema fundi cherehani, mwenyekiti wetu. "Ukutani tuna nguvu, kwa wafadhili tumeshazikwa!"

"Jamani, kila msikilizaji na lugha yake," Afisa alijitetea. "Nikiwaambia chumba hiki mlikijenga wenyewe, wafadhili watasema hamhitaji msaada."

"Mwanangu," nikamwambia, "mgonjwa huelezwa kwa upole, daktari huelezwa kwa kirefu. Lakini ugonjwa ni ule ule. Wewe wa kwetu umeutunga."

"Shida si ipo?" akadakia binti yangu, yule "marehemu". "Watoto arobaini na wanne, vitabu kumi na moja. Hiyo haitoshi?"

"Inatosha, dada. Ila haina machozi."

Watu walicheka kicheko kibaya. Fundi cherehani akakusanya fomu zote, akazikalia. "Hasaini mtu. Vipeperushi hivyo viondolewe. Na neno lolote la kwenda kwa wafadhili lisomwe hapa kwanza."

Bila saini hakuna picha, na wafadhili walikuwa wanakuja wiki iliyofuata. Afisa akatoa kalamu, akaanza kuandika kipeperushi upya. Alipoandika "wanyonge", nikasema futa. Akafuta. Mwishowe akamgeukia mjukuu wangu, sauti imekuwa ndogo.

"Na wewe, mama, nikuandike vipi?"

"Andika kitabu kimoja tunasoma wanne. Na nyumbani mama ananisomea."

Akaandika, uso kama wa aliyemeza kwinini. Mtoto akainama juu ya karatasi, akahakikisha herufi kwa herufi.

Jumatatu alikwenda kituoni bila kusukumwa na mtu.