Kofia ya Shahidi wa Tatu

Lori la Warsame lilikuwa limeshaiacha Embu nyuma, likipanda kuelekea Runyenjes, na mzee Muturi amekumbatia mfuko wake kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Ndani mlikuwa na kurasa mia nne na kumi na mbili za kesi ya mauaji, na juu yake kurasa saba za muhtasari wa kesi hiyo, alizoziandika kwa mkono wake. Miaka thelathini alikuwa karani wa mahakama. Alipostaafu, mawakili hawakumwacha apumzike. Kurasa hizo saba zilikuwa za kumpelekea Karimi, msaidizi wa sheria katika ofisi ya wakili mjini Meru, aliyekuwa akiandaa rufaa ya Kaberia. Kaberia alikuwa amehukumiwa kunyongwa.

"Nataka tarehe, nani alisema nini, na jaji akaamua nini," Karimi alimwambia kwa simu. "Usimwonee mtu huruma, mzee. Na usimkasirikie mtu."

Kaberia, mtu wa Githongo, alishuka Kiritiri kupakia mchanga wa mtoni. Akagombana na Ireri juu ya zamu ya kupakia, na Ireri akafa pale mtoni, kichwa kimepasuliwa kwa sepetu. Juzi Cicily, mama yake Kaberia, alimjia Muturi akilia: shahidi wa tatu amtoe kwenye karatasi. Muturi akakataa. Shahidi wa tatu alikuwa Njuki, ndugu ya Ireri.

Na Njuki ndiye aliyekuwa amesimama kwenye tuta la kupunguza mwendo pa kuingia Runyenjes, panga mkononi. Alikuwa amesikia kwenye dirisha la masijala ya mahakama kwamba mzee anapeleka Meru karatasi za kumtoa Kaberia.

Warsame akasimamisha lori, akashuka na spana. "Wewe kichaa, toka njiani!"

Panga likamfungua mkono toka kiwiko hadi kiganjani. Spana ikaanguka. Njuki akavunja kioo, akamburuta Muturi kwa kola mpaka kwenye lami.

"Soma nilichosema mimi."

Muturi akasoma. "Tarehe kumi na tisa Machi. Shahidi wa tatu: alimwona mshtakiwa akimpiga marehemu kwa sepetu mara mbili. Alipohojiwa na wakili wa utetezi: alikubali alikuwa umbali wa hatua arobaini na mvua ilikuwa ikinyesha. Alikana kwamba marehemu ndiye aliyeanza kupiga."

"Halafu?"

"Basi."

"Basi! Siku mbili nilisimama pale, mzee. Niliwaambia ubongo wa ndugu yangu niliuokota nikautia kwenye kofia yangu, nikaubeba mpaka nyumbani. Kofia iko wapi?"

"Haimo."

Panga likashuka. Muturi aliinua mkono wa kulia kujikinga, na vidole viwili vikaanguka juu ya karatasi kama maganda ya njugu. Hakulia. Aliviangalia tu.

"Na hii chini umeandika nini?"

"Ukurasa wa mia moja themanini na tisa. Jaji wa kwanza alihamishwa, wa pili akaendelea na kesi. Hakuna palipoandikwa kwamba Kaberia alielezwa haki yake ya kutaka mashahidi waitwe tena."

"Hiyo ndiyo itamtoa?"

"Huenda ikamwokoa shingo. Kuamua si kazi yangu."

"Ifute."

"Mama yake alitaka nikufute wewe. Nikifuta hii, na wewe nikufute?"

Njuki akainua panga tena. Muturi akafumba macho, na hapo ndipo alipokumbuka.

"Ngoja. Ukurasa wa tisini na saba. Jaji aliahirisha kesi hadi kesho yake kwa kuwa shahidi alishindwa kuendelea. Hiyo ni amri ya mahakama, nami nimeiruka. Nimekosa, mwanangu."

"Ni kofia ilinishinda," Njuki akasema polepole.

"Najua. Kofia siwezi kuiandika. Kuahirisha lazima."

"Andika."

Aliandika kwa mkono wa kushoto, karatasi juu ya goti, damu ikimwagikia maneno: *Tarehe 19, alasiri. Shahidi wa tatu ameshindwa kuendelea. Mahakama imeahirisha hadi tarehe 20.* Njuki akaisoma mara mbili, kidole chini ya kila neno. Kisha akaketi kando ya barabara, panga miguuni, hadi polisi walipofika.

Karimi alizifuata karatasi hospitalini, akazinakili upya kwa sababu ya damu. Hakubadilisha neno.

Mahakama ya Rufaa iliamuru kesi isikizwe upya mbele ya jaji mwingine. Njuki alifungwa miaka minne kwa kujeruhi. Aliletwa kutoa ushahidi akiwa na pingu, akaisimulia kofia tena. Kaberia alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akapewa miaka kumi na mitano. Cicily alikufa kabla mwanawe hajatoka gerezani. Mkono wa Warsame ulipona ukiwa umepinda, lori akaliuza. Karimi yumo chuoni anasomea uwakili. Muturi bado anafupisha kesi, kwa mkono wa kushoto, na watu wanalalamika kwamba mwandiko wake hausomeki.