Linki ya Kikao cha Ritha

Saa nne kasoro dakika kumi Sostenes aliingia mbio kwenye kibanda cha Mwamvua, fundi simu wa sokoni Geita, bado amevaa sare yake ya ulinzi wa mgodini. Ruhusa ya kwenda kwao Kishapu alinyimwa, basi ukoo ukapanga kikao cha posa ya binti yake kwa simu. Saa nne kamili wangemuuliza baba kama anakubali. Asipopatikana angejibu Maganga, mdogo wake, ambaye hajawahi kuona kipaza sauti akakiacha. Mwaka mzima Sostenes amelisubiri neno hilo moja, leo limpite hivihivi?

"Shikamoo, Baba Ritha. Mbona unahema?"

"Marahaba, mwanangu. Linki inanigomea! Ritha aliniwekea programu ya vikao, akaniingiza mwenyewe. Nikigusa linki, kinafunguka kivinjari kinaniomba nenosiri. Nalijulia wapi? Nikifungua programu yenyewe, ni tupu."

Mwamvua alibonyeza alama ya programu akaishikilia, akaingia kwenye taarifa zake, kisha kwenye sehemu ya kufungua kwa chaguomsingi. Swichi inayoruhusu programu kufungua linki zake ilikuwa imezimwa. Akaangua kicheko.

"Baba, hii niliizima mimi. Mwezi uliopita ulikuja unalalamika linki za walinzi wenzio zinafungua maprogramu na kukumalizia bando. Ukasema zima zote, usibakize hata moja."

Sostenes alikumbuka. Alikuwa amesimama hapohapo, akisifia ujanja wake mbele ya wateja. Aibu ilimshika, lakini saa haikumsubiri amalize kuona aibu.

Mwamvua akawasha swichi, akahakikisha anwani ya kikao imewekewa alama ya tiki. Sostenes akampokonya simu, akainakili linki na kuibandika juu kwenye kivinjari, kama alivyozoea. Ukurasa wa nenosiri ukarudi. Jasho likamtoka.

"Siyo huko, baba! Ukiibandika kwenye kivinjari itabaki humohumo. Rudi kwenye ujumbe wa Ritha, uiguse palepale."

Akarudi. Akaigusa. Safari hii programu ikafunguka yenyewe, bila kuuliza chochote, na nyuso za Kishapu zikajaa kiooni. Maganga alikuwa ameshasimama, anakohoa tayari kuanza.

"Kaa chini, Maganga," Sostenes akasema. "Mwenyewe nipo."

Ritha akajifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Mshenga akauliza, naye Sostenes, aliyetunga hotuba ndefu tangu Jumapili, akaisahau yote.

"Nimekubali, mwanangu. Unanisikia? Nimekubali."

"Nakusikia, baba," Ritha akajibu.

Vigelegele vikapasuka Kishapu, Mwamvua akavidakia Geita kwa sauti iliyowatoa wauza nyanya kwenye meza zao. Sostenes akaketi kwenye stuli ya wateja, akavua kofia, akalia kwa raha mbele ya watu wote.