Hatari Ndogondogo

Fomu ya ridhaa ya kutoa rovu ilikuwa kurasa mbili za maneno magumu, na muuguzi wa wodi ndiye aliyeomba irahisishwe. Daktari wa upasuaji akarudi kifua mbele na mistari mitatu: "Tutaondoa uvimbe shingoni. Kuna hatari ndogondogo. Tia sahihi hapa."

Muuguzi alicheka kwa pua. Kurahisisha gani huku? Bwana mkubwa alikuwa amechinja fomu, akaleta mkia.

Akazishika zile kurasa mbili, akavuta kiti kando ya mgonjwa, mama anayenadi mitumba sokoni.

"Mama, shingo inaweza kuvuja damu ndani ikakubana pumzi, urudishwe kupasuliwa haraka. Kidonda kinaweza kuota usaha, na kovu litabaki. Dawa ya usingizi ina hatari zake. Kalsiamu ya damu ikishuka, vidole vitakufa ganzi. Tezi yote ya shingo ikitoka, utameza vidonge maisha yote. Sauti inaweza kukwaruza, na mara chache isirudi kabisa. Ila uvimbe wako si saratani wala haukubani. Unaweza kusubiri huku ukipimwa, au upewe dawa ya mionzi ya kuupunguza. Haya, nirudishie ulichosikia."

Mama alirudisha yote, hakuacha hata moja. Akasema atasubiri.

"Umemtisha mgonjwa wangu!" daktari akamfokea muuguzi.

"Hajanitisha," mama akajibu, na sauti yake ikajaza wodi nzima. "Daktari, hata mimi nikiuza shati lenye tundu, tundu nalionyesha."