Kazi Haijapita

Wewe ukipanga karata tano mezani, nani amekwambia lazima ya kwanza iwe jana na ya mwisho iwe kesho?

Nauliza kwa sababu binti yangu, tunayemwita Spika kwa sauti yake, alikuja Alhamisi akiwa ameshaamua kila kitu. Mjukuu wangu Sindano, mtoto wa kaka yake Spika, alikuwa kwenye cherehani anapindia gauni la mteja. Spika akasogeza vitambaa, akafuta meza ya kukatia kwa kiganja, akazipanga tena zile karata tano kama alivyompangia Sindano juzi. Kusoma karata nilimfundisha mimi mwenyewe. Mwiba wa kujidunga hauna pole.

"Soma, Mama," akasema. "Kushoto kwenda kulia, kama maandishi."

Pau nane: kwetu ni kazi ya mikono. Shupaza tisa: mzigo wa moyo. Katikati malkia wa kopa, ndiye Sindano. Halafu uru kumi, kuhama. Mwisho mfalme wa uru, mwanamume mwenye uwezo.

"Unaona? Kazi imepita. Imemletea mawazo. Leo yuko hapa. Kesho anahama, na huyu mfalme anamngoja. Ni mkandarasi! Wageni wanakuja Jumamosi kupokea jibu, na mashine itauzwa."

Huyo mkandarasi aliyemposa Sindano alikuwa ameshasema wazi: mke wake atahamia mji wake na hatashona.

Mguu wa Sindano ukasimama juu ya kanyagio. Tangu posa ije, ukimwuliza anakujibu "Mtakavyoona ninyi."

Nikavaa miwani. Sikuwa na haraka. Wali wa haraka huliwa mbichi.

"Sindano, siku ile shangazi yako alipokupa karata uchanganye, uliuliza nini?"

"Niliuliza kwa nini kifua kimekuwa kizito, Bibi."

"Hukuuliza nini kitafuata?"

"Hapana."

Nikamgeukia binti yangu. "Na wewe, kabla hujafunua, ulisema kwamba ya tatu ndiyo leo?"

"Ilijionyesha yenyewe! Malkia kakaa katikati, niseme nini tena?"

"Basi ulichora njia baada ya kumwona mfalme. Nilikufundisha hivyo? Swali kwanza, kisha kutaja kila nafasi ni ya nini, kufunua mwisho. Angeuliza nini kitafuata, tungezipa karata siku zake: hii jana, hii leo, hii kesho. Hapo ningenyamaza, hata kama moyo unaniuma. Lakini kauliza ana nini. Swali la ana nini halina jana wala kesho. Karata zote ni za sasa hivi, zimemzunguka yeye."

"Lakini zimepangwa mstari, Mama!"

"Hata watu hukaa kwenye benchi mstari mmoja. Aliye kushoto kafa?"

Sindano akacheka puani. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Sikugusa karata hata moja. Nilianzia katikati, kidole juu ya malkia. "Tazama zinazomgusa. Huku mzigo wa moyo, huku kuhama. Kinachomlemea ni kuondoka. Sasa tazama za pembeni, zinavyotazamana kama watu wanaovuta kamba: kazi huku, mfalme kule, yeye katikati. Kazi haijapita, binti yangu. Shika hiyo mashine uone kama imepoa."

"Unanidharau mbele ya mtoto?"

"Ninakusahihisha mbele ya uliyemkosea."

"Na wageni? Niwaambie mama yangu kageuza karata?"

"Waambie karata hazimwozi mtu. Nazo zimeonyesha kamba tu. Avutwe upande gani hazikusema, wala mimi sisemi."

Spika akaanza kuzikusanya, akizigonga mezani kingo zikae sawa. "Haya, basi nitapanga upya. Safari hii tuulize kitakachofuata, tuone utaficha wapi uso!"

Akamnyooshea Sindano karata achanganye.

Sindano akakata uzi kwa meno. Akainuka, akazipokea zile karata kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, akazitia kwenye bati la vifungo na kufunga kifuniko.

"Shangazi, shikamoo yangu iko palepale. Lakini sichanganyi tena."

"Kwa hiyo unataka nini? Sema basi! Miezi miwili tunakuuliza!"

Alikaa kwenye kiti chake, akaweka mguu kwenye kanyagio.

"Simtaki mkandarasi. Nataka kushona, hapahapa, na mlangoni niandike jina langu."