Kitabu Hakitoki Ofisini

Barua ya Bi. Atuganile ilifika Jumatatu, imeandikwa kwa mwandiko uliotulia, haina hata neno moja la kulalamika, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Wengi wakiiandikia kampuni huanza na salamu za ukoo mzima na kumalizia na matusi. Yeye alisema tu kwamba ni mwanahisa, na kwamba anaomba kukagua rejesta ya wanahisa na vitabu vya mihtasari ya mikutano kabla ya mkutano wa Jumamosi.

Mimi ndiye katibu wa Kampuni ya Ipyana Parachichi, hapa Ibighi. Ni mtu wa Singida, na wakati ule nilikuwa na miezi mitatu tu Tukuyu, bado nagombana na mvua isiyojua kupumzika. Lakini kazi yangu naijua. Mwanahisa ana haki ya kuiona rejesta saa za kazi bila kulipa hata senti, na mihtasari ya mikutano mikuu vilevile. Mihtasari ya bodi, hiyo si yake, na nilipanga kumwambia hivyo bila kuuma maneno.

Nilijua pia kwa nini ana haraka. Jumamosi wanahisa wangepiga kura ya kuliuza ghala la kupangia parachichi, lile lililojengwa kwa jasho la marehemu mumewe, Obed. Azimio la namna hiyo linataka robo tatu ya kura. Ilinong'onwa kila mahali kwamba mwenyekiti wetu, Mzee Lutufyo, alijipatia hisa mpya katika mkutano wa mwaka uliopita, na kwamba zinamfikisha kwenye robo tatu peke yake. Ghala likiuzwa, wakulima wa Lufingo na Kinyala watarudi kuwapigia magoti madalali barabarani.

Nilimpelekea Mzee ile barua nikitegemea ngurumo. Aliisoma taratibu, akavua miwani.

"Mjibu aje," alisema. "Saa nne hadi saa sita, kila siku. Sheria ifuatwe."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilitoka mle nikiwa na majibu niliyoyataka, na bado sikuyaamini.

Jumanne saa nne Bi. Atuganile alikuja. Ni mama wa makamo, mrefu, mwenye viatu vya mvua vilivyooshwa vikang'aa. Alinisalimu vizuri barazani, "Ugonile, tata," nami nikamkaribisha. Alinyanyua mguu kuvuka kizingiti, kisha akaona ndani. Akajifunika uso kwa kitenge, akageuka, akaenda kuinama nyuma ya ukuta, kwenye migomba.

Ndani alikuwemo Mzee Lutufyo peke yake, ameketi kando ya meza yangu, anasoma gazeti.

Nilikasirika. Nilidhani mama ananifanyia mchezo. Karani wangu, Imakulata, alinivuta pembeni.

"Katibu, wewe hujui? Mzee ni baba yake marehemu Obed. Ni mkwe wake."

"Sasa mkwe ndiyo nini? Anang'ata?"

"Kwa Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe. Jina lake halitaji. Chumba alichomo haingii. Sisi vijana tumeacha, lakini Mama Atuganile kalelewa na bibi yake, na hajawahi kuvunja tangu aolewe. Mzee akipita njiani, yeye anaingia shambani. Watu wote hapa wanajua."

Ofisi yetu ni chumba kimoja. Nilirudi kwa Mzee nikamwomba nivitoe vitabu nimpelekee mama barazani.

"Kitabu hakitoki ofisini," alisema bila kuinua macho. "Kikinyeshewa je? Kikipotea? Mlango uko wazi, Katibu. Nani amemzuia?"

Hakuna aliyemzuia, na hapo ndipo penye ubaya. Ningemnyima, mama angekimbilia mahakamani, na mahakama ingeamuru vitabu vifunguliwe mara moja. Lakini mlango ulikuwa wazi kweli. Kumfukuza mwenyekiti kutoka ofisi ya kampuni yake sikuweza, na nitasema ukweli, sikuthubutu.

Jumatano Mzee alikuwepo tena, safari hii na mzee mmoja wa kanisa. Alhamisi wazee wa kanisa walikuwa wawili. Walikaa kwenye benchi langu wakinywa chai yangu, hawana shughuli, hawana hata maongezi. Saa sita ikifika wanaaga kwa adabu. Nilianza kuwaogopa wazee wale, na sikujua ninaogopa nini hasa.

Nilimfuata Bi. Atuganile nyuma ya ukuta. Mvua ilikuwa inamdondokea mabegani.

"Mama, omba nakala. Sheria inatupa siku saba za kukupatia, na Mzee hatakubali zipungue."

"Siku saba, mwanangu? Ghala litakuwa limeshauzwa."

"Basi mtume mtu akusomee."

"Nani? Shemeji yangu Anyitike ni mtoto wa huyo aliye ndani. Majirani wanamwogopa. Ninataka kuona kwa macho yangu nani alimpa hizo hisa. Obed alikufa akiniachia neno moja tu, ghala lisiondoke."

Ijumaa alikuja akiwa amevaa gauni la kanisani. Alisimama kizingitini kwa muda mrefu, midomo inatetemeka, sijui kwa sala au kwa aibu. Kisha akaingia. Imakulata alishika mdomo. Wazee wawili kwenye benchi waliweka vikombe chini. Mzee Lutufyo peke yake ndiye hakushtuka. Alikunja gazeti tu.

Nilimvutia mama kiti. Rejesta aliisoma kwanza, kidole kikifuata mistari, na hisa mpya zilikuwepo, zote kwa jina la Mzee. Nikamfungulia mihtasari ya mkutano mkuu wa mwaka uliopita. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaipitia, na kwangu ilikuwa orodha ya majina tu, kama mihtasari yote. Yeye alifika katikati ya ukurasa akasimama.

"Katibu, nisomee hapa. Labda macho yangu."

Nikasoma. "Pendekezo la kumpatia Mwenyekiti hisa mpya liliungwa mkono na Bi. Atuganile, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele."

Chini yake ilikuwepo saini ya mwenyekiti, na muhtasari uliosainiwa hivyo ni ushahidi mpaka mtu athibitishe vinginevyo.

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka, na kilikuwa kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Nami moyo ulinipanda kwa furaha, maana hata mimi wa Singida niliuona uongo ule.

"Mstari wa mbele!" alisema. "Mikutano yote mimi hukaa nje, nyuma ya ukuta! Rungwe nzima inajua siwezi kukaa chumba kimoja na..."

Niliona uso wake ukibadilika taratibu. Alitazama kiti alichokalia, akawatazama wazee wawili kwenye benchi, mashahidi waliokunywa chai yangu. Mzee mmoja aliinamisha kichwa. Mwingine alikuwa anamkodolea macho.

Mzee Lutufyo aliegemea mbele, akamsemesha mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu aingie katika ukoo ule. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Na sasa hivi umekaa wapi, mwanangu?"